Mistari Mitatu Kabla ya Kubonyeza: Kupanga Maelezo Yako ya LinkedIn Yasomeke kwenye Simu

Mwajiri anayetafuta wakala wa forodha kwenye LinkedIn hasomi wasifu mmoja akatosheka. Anafungua huu, anarudi, anafungua mwingine, mara nyingi akiwa kwenye foleni ya magari au akisubiri kikao kianze. Kila akifika kwenye sehemu ya About, yaani pale mtu anapojieleza kwa maneno yake mwenyewe, simu inamwonyesha mistari michache tu, kisha inamwekea maneno madogo: “see more”. Akiyabonyeza, maelezo yote yanafunguka. Asipoyabonyeza, yaliyobaki ni kama hayakuandikwa.

Sehemu hiyo inapokea hadi herufi 2,600, nafasi na alama zikihesabiwa humohumo. Haina kitufe cha kukoza maandishi, wala cha kutengeneza orodha, wala cha kuweka vichwa vidogo. Mwandishi ameachiwa vitu vinne tu vya kuchezea: kuruka mstari, vitone, emoji na urefu. Makala haya yanaeleza kila kimoja kinafanya nini kwenye kioo cha simu, na kinaharibika vipi.

Simu huhesabu mistari

Watu wengi huandika maelezo haya kwenye kompyuta, wakayaona yamekaa vizuri, wakaridhika. Kwenye kioo kipana cha kompyuta, mstari mmoja unaweza kubeba herufi 100 na zaidi. Kwenye simu ya kawaida, ukiwa na ukubwa wa maandishi wa kawaida, mstari hubeba herufi 45 hivi. Kwa hiyo aya iliyochukua mistari sita ofisini hufika kwa msomaji ikiwa na mistari kumi na tano.

Kiswahili kinaongeza jambo lake hapo. Maneno yetu ni marefu, kwa sababu nafsi, wakati na mtendwa vyote huingia ndani ya kitenzi kimoja. Neno refu lisipoenea mwishoni mwa mstari, simu hailikati. Hulishusha zima hadi mstari unaofuata na kuacha pengo nyuma yake. Mistari huisha kabla ya kujaa, na aya huongezeka urefu bila kuongezeka maana.

Tuone hilo kwa mfano. Huyu ni wakala wa forodha wa Dar es Salaam, wa kubuni, lakini maelezo ya namna yake yamejaa kwenye mtandao:

“Mimi ni mtaalamu mwenye bidii, ari na uzoefu wa zaidi ya miaka tisa katika sekta ya usafirishaji na uondoshaji wa mizigo, ninayeamini katika kufanya kazi kwa ushirikiano na kujituma ili kufikia malengo ya taasisi. Katika kipindi hicho nimeshughulikia mizigo ya aina mbalimbali yakiwemo magari, vipuri, dawa na mashine za viwandani, nimeandaa nyaraka za forodha, nimefuatilia malipo ya ushuru na tozo za bandari, na nimesimamia mizigo inayopita kwenda Zambia, Kongo na Burundi kupitia Tunduma na Kabanga. Pia nina ujuzi wa kompyuta, naongea Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa cha wastani, na niko tayari kufanya kazi popote.”

Si maelezo mabaya. Ndani yake mna mtu anayeijua kazi. Lakini hivi ndivyo mistari mitatu ya kwanza inavyotokea kwenye simu:

Mimi ni mtaalamu mwenye bidii, ari na uzoefu
wa zaidi ya miaka tisa katika sekta ya
usafirishaji na uondoshaji wa mizigo,

Mstari wa pili umeishia njiani kwa sababu “usafirishaji” halikuenea. Wa tatu nao umekatika, kwani “ninayeamini” lilihitaji nafasi kuliko iliyobaki. Mistari yote mitatu imetumika, na msomaji ameambiwa kwamba huyu ana bidii na ameshughulika na mizigo. Bandari gani? Haijatajwa popote, hata huko chini. Mizigo ya nchi gani? Hilo liko mstari wa kumi na kitu, nyuma ya “see more”, na hakuna kilichompa sababu ya kubonyeza.

Idadi ya mistari inayoonekana kabla ya kukatwa hubadilika kwa simu, kwa ukubwa wa herufi na kwa toleo la programu. Yaweza kuwa mitatu, yaweza kuwa minne au zaidi kidogo. Ukiipangia mitatu, hutapata hasara kwenye simu inayoonyesha minne. Jambo la kuangalia ni kwamba mstari mtupu nao huhesabiwa. Anayeanza kwa salamu, akaruka mstari, kisha akaweka emoji tatu peke yake, amekwishamaliza nafasi yake yote kabla ya kusema neno la kazi.

Enter moja na Enter mbili

Ukibonyeza Enter mara moja, maneno yanayofuata huanza mstari mpya, lakini hugusana na yaliyo juu. Ukibonyeza mara mbili, unapata mstari mtupu kati ya aya na aya. Kwenye karatasi tulizoea kuonyesha aya mpya kwa kuingiza mstari wa kwanza ndani kidogo. Kwenye simu mtindo huo haufai, kwa kuwa nafasi unazoweka mwanzoni haziaminiki na mstari wenyewe ni mfupi. Kinachotenganisha aya ni mstari mtupu.

Aya ya kusomeka vizuri kwenye simu ina sentensi mbili, au tatu zikiwa fupi. Hiyo ni mistari minne hadi mitano. Ikifika minane, jicho linaloteremka haraka halipati pa kushika, na msomaji huiruka aya nzima hata kama kiini kimo ndani yake.

Makosa ya Enter ni mawili. La kwanza hufanywa na mtu anayeandika kwenye kompyuta na kubonyeza Enter kila anapoona mstari umefika ukingoni, kama alivyofundishwa kwenye mashine ya taipu. Kwake mistari imelingana. Kwenye simu, kila mstari wake huvunjika mara mbili: mara moja pale kioo kinapoisha, mara ya pili pale alipobonyeza. Matokeo yake ni mstari mrefu, kipande cha maneno mawili, mstari mrefu, kipande tena, hadi mwisho. Ukiona ngazi za namna hiyo kwenye simu yako, rudi ufute Enter zote zilizo katikati ya sentensi, uache simu yenyewe ipange.

La pili ni kinyume chake: kila sentensi kuwa aya, kila aya kufuatiwa na mstari mtupu. Mtindo huu umetoka kwenye machapisho ya kila siku ya mtandao huohuo, ambako mwandishi anataka kumvuta msomaji ashuke. Kwenye maelezo ya kudumu ya mtu hauleti faida. Mstari mtupu unapokuwa kila mahali hautenganishi tena chochote, na msomaji hawezi kujua kipi kinakwenda na kipi.

Vitone, na kwa nini viwe vifupi

Kwa kuwa LinkedIn haina kitufe cha orodha katika sehemu hii, kitone huandikwa kwa mkono. Kwenye simu nyingi za Android zenye kibodi ya Google, bonyeza ?123 kisha =\<, utakiona kitone • kwenye ukurasa huo wa alama. Kwenye aifoni, bonyeza 123 kisha #+=, kiko upande wa kulia wa safu ya pili. Kwenye kompyuta ya Windows shikilia Alt na uandike 0149 kwa namba za upande wa kulia wa kibodi. Kwenye Mac ni Option na 8.

Wengi hukwepa usumbufu huo kwa kunakili orodha kutoka Word. Hapo ndipo huzuka visanduku na alama za ajabu. Kitone cha Word mara nyingi hutoka kwenye fonti maalumu ya alama, na fonti hiyo haisafiri na maneno yako. Simu isiyo nayo huonyesha kisanduku kitupu. Dawa yake ni kupitishia maandishi kwenye programu isiyo na mapambo, kama Notepad kwenye kompyuta au daftari la simu, ukaviweka vitone upya kwa mkono, ndipo unakili.

Wapo pia wanaoleta mazoea ya WhatsApp, ambako neno lililozungushiwa nyota hukozwa. Kwenye LinkedIn nyota hizo hubaki nyota, na *forodha* huonekana hivyohivyo na nyota zake.

Kitone kilichoandikwa kwa mkono kina udhaifu mmoja usioonekana hadi ufike kwenye simu. Katika orodha halisi ya Word au ya kitabu, mstari wa pili wa hoja huanzia chini ya neno la kwanza, na kitone hubaki kimesimama peke yake pembeni. Kitone cha kuandika hakijui hilo. Hoja ikizidi mstari mmoja, mstari wa pili hurudi hadi ukingoni, chini ya kitone chenyewe. Hoja tatu za mistari mitatu mitatu hugeuka kuwa aya moja yenye nukta zilizopotea ndani yake. Kwa hiyo hoja ya kitone iwe ya mstari mmoja, herufi 40 au pungufu. Ikikataa kufupika, ni dalili kwamba ni sentensi, na mahali pake ni kwenye aya.

Ziwe ngapi? Tatu hadi tano kwa kundi. Ziwe pia za namna moja: zote majina ya vitu, au zote vitenzi vya “ku-”. Orodha inayoanza na “Magari”, ikafuata “Kuandaa nyaraka”, kisha “Nina ujuzi wa kompyuta” humlazimisha msomaji aanze upya kila mstari.

Emoji moja, kazi moja

Kwa kuwa maandishi hayawezi kukozwa, emoji imechukua kazi ya kichwa kidogo. 📦 ikitangulia “Mizigo ninayoitoa” inamwonyesha msomaji anayeteremka haraka kwamba hapa pameanza jambo jingine. Hiyo ni kazi halali, na moja kwa kila kundi inatosha. Chagua inayotambulika hata ikiwa ndogo. Ipo emoji rasmi ya forodha, 🛃, lakini kwenye simu huonekana kama kibao kidogo cha buluu tu. Karatasi 📄 inaeleweka upesi zaidi.

Emoji hazichorwi na mwandishi. Unachotuma ni namba, na kila kampuni ya simu huichora kwa mkono wake, hivyo picha uliyoiona kwako siyo lazima iwe ileile kwa mwenzako. Simu ya zamani ikipokea emoji mpya isiyoijua, huonyesha kisanduku. Bendera zina mkasa wao: ukiweka 🇹🇿 kwenye simu inang’aa vizuri, lakini afisa ajira anayeifungua kwa kompyuta ya Windows huona, mara nyingi, herufi mbili tu, TZ. Kama nchi ni muhimu, iandike kwa jina.

Kuna msomaji mwingine wa kumfikiria, naye ni yule asiyeona au mwenye uoni hafifu. Simu yake humsomea kwa sauti kwa TalkBack kwenye Android au VoiceOver kwenye aifoni. Programu hizo zikifika kwenye emoji, hutamka jina lake. Ukipanga ✅ mwanzoni mwa hoja sita, atasikia jina la alama hiyo mara sita kabla ya kila hoja. Ukiweka nne mfululizo kwa mapambo, atasubiri majina manne ndipo asikie neno lako. Hiyo ndiyo sababu ya kutumia kitone cha kawaida kwenye hoja, na emoji kwenye kichwa peke yake, isiyozidi moja.

Ubaya wa namna hiyohiyo, tena mkubwa zaidi, umo kwenye “herufi nene” zinazotengenezwa na tovuti za bure, kama hizi: 𝗙𝗼𝗿𝗼𝗱𝗵𝗮. Si herufi zilizokozwa. Ni alama za hisabati zinazofanana na herufi. Kisoma sauti huweza kuziruka au kuzitamka moja moja kwa majina yake ya kihisabati, na mwajiri akitafuta neno “forodha”, hana uhakika wa kulipata hilo, kwa kuwa kwa kompyuta si neno lilelile.

Maelezo yaleyale, yakiwa yamepangwa

Turudi kwa wakala wetu. Nimeondoa sifa ambazo kila mtu hujipa, nimetaja bandari, na nimeongeza jambo moja analolijua mtu wa kazi hii tu. Mengine karibu yote ni yake mwenyewe:

Natoa mizigo Bandari ya Dar es Salaam kwa waagizaji wa Tanzania, Zambia, Kongo na Burundi. Miaka 9 kwenye forodha.

📦 Mizigo ninayoitoa
• Magari na vipuri
• Dawa na vifaa vya hospitali
• Mashine za viwandani

📄 Kazi ninazofanya
• Kuandaa nyaraka za forodha
• Kufuatilia ushuru na tozo za bandari
• Kupitisha mizigo Tunduma na Kabanga

Mizigo mingi hukwama kwa sababu ankara na orodha ya vifurushi havilingani. Mimi huanza kuvikagua hivyo meli ikiwa bado baharini, mteja akiwa na muda wa kumrudia muuzaji.

Nazungumza Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa cha wastani. Niandikie hapahapa LinkedIn.

Aya ya kwanza ina herufi 115 hivi, na kwenye simu inachukua mistari mitatu: anachofanya, wapi, kwa ajili ya nani, na kwa miaka mingapi. Msomaji ambaye hatabonyeza “see more” tayari ameondoka na habari kamili. Mwenye kontena la kwenda Lubumbashi ameona “Kongo”, na ana sababu ya kubonyeza. Tarakimu 9 nayo inaonekana upesi kuliko neno “tisa” lililozama kwenye sentensi.

Maelezo ya mwanzo yalikuwa na herufi 600 na ushee. Haya mapya yamepungua kidogo tu. Lakini kwenye simu yameongezeka: yale yalichukua mistari kumi na tano, haya yanafika kwenye ishirini, mitupu ikiwemo. Bado haya ndiyo yanayosomwa haraka, maana anayetafuta mtu wa dawa anaruka moja kwa moja hadi kwenye 📦, na anayetaka kujua mipaka anateremka hadi kitone cha mwisho cha 📄. Hakuna anayelazimika kupita kila neno.

Angalia pia kwamba si kila kitu kimegeuzwa kitone. Habari ya ankara na orodha ya vifurushi ina sababu na matokeo, na ikikatwa vipandevipande inapoteza mantiki yake. Vitone ni vya mambo yanayohesabika. Jambo linaloeleza kwa nini, au lini, liachiwe sentensi zake.

Urefu unaovumilika

Herufi 2,600 ni kikomo cha mtandao, na hakuna anayelazimishwa kuzijaza. Ukiziandika zote mfululizo, kwenye simu zinakaribia mistari 60. Kioo kimoja, baada ya kutoa nafasi ya vitufe vya juu na chini, hubeba mistari 25 hivi. Ukiongeza mistari mitupu, umempa msomaji kazi ya kusogeza kioo karibu mara tatu kwa mtu asiyemjua bado.

Kwa mtu anayetafuta kazi au wateja, herufi 600 hadi 1,200 zinatosha. Hiyo ni kati ya kioo kimoja na viwili. Historia ya ajira, vyeti na masomo vina sehemu zake chini ya ukurasa huohuo, na kuvirudia hapa ni kumchosha msomaji kwa habari atakayoikuta mbele. Kumbuka pia kwamba emoji huweza kuhesabiwa zaidi ya herufi moja, hivyo anayebanwa na kikomo aanze kufuta hizo.

Kwenye mitandao mingine kikomo chenyewe kinakuamulia. Utambulisho wa Instagram unaishia herufi 150, na ule wa WhatsApp wa kawaida 139. Huko hakuna nafasi ya orodha wala aya mbili. Chukua aya ya kwanza uliyoiandikia LinkedIn, uibandike. Ile ya wakala wetu inaenea kote kuwili bila kupunguzwa neno.

Kupima kabla ya kuacha

Ukishahifadhi, usiamini kioo ulichoandikia. Fungua wasifu wako kwa simu na usome mistari inayoonekana kabla ya “see more”, ukijiuliza kama mgeni angejua unafanya kazi gani na wapi. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu, ongeza ukubwa wa maandishi hatua mbili, urudi uangalie tena. Wakubwa wengi wenye mamlaka ya kuajiri wamevuka umri wa kusoma herufi ndogo, na hivyo ndivyo simu zao zilivyo. Vitone vilivyoenea mstari mmoja huenda sasa vimeangukia wa pili. Kimoja kikianguka si neno. Vikianguka vyote, vifupishe.

Mwisho washa TalkBack au VoiceOver, usikilize maelezo yako yote bila kutazama. Pale sauti inapoanza kutaja majina ya picha badala ya kazi yako, pana emoji ya kufutwa. Na ukibadili maelezo baadaye, hata kwa kuongeza nchi moja kwenye sentensi ya kwanza, pima upya mistari ile mitatu, kwa sababu neno moja refu linaweza kusukuma miaka yako yote ya kazi nyuma ya “see more”.